Kabati la chini ya evie: maji yalikuwa yanatoka wapi?

Jambo tunalowaletea juma hili ni la jikoni, na kwetu lilianza kwa harufu. Nyumba tunayopanga ina evie ya chuma iliyokaa juu ya kabati la tripleksi. Ndani ya kabati hilo, pembeni mwa sifoni, tulizoea kuweka mfuko wa unga wa muhogo, sabuni, na zile sufuria kubwa za siku ya wageni. Siku moja tulipovuta mfuko wa unga tulikuta chini yake ni peusi, na unga wa chini umegandamana kama udongo. Tulimwaga karibu kilo sita. Ubao wenyewe ulikuwa umevimba, na ukiubonyeza kwa kidole unabonyea.

Tulitafuta wa kulaumu kabla ya kutafuta maji. Mtoto wa dada yetu, msichana wa miaka 14, anakaa kwetu kwa ajili ya masomo, na yeye ndiye anayeosha vyombo jioni. Tulimwambia anamwaga maji hovyo. Akajibu, "Mama mdogo, mbona ninapangusa kila siku nikimaliza?" Hatukumsikiliza. Tulimwambia tangu leo ataoshea nje kwenye beseni. Aliosha nje, na ilikuwa majira ya mvua.

Kabati likaendelea kulowa. Basi tukamwita fundi wa maji. Alipiga magoti, akagusa sifoni, akaona imelowa kwa nje, akasema sifoni imechoka. Aliibadilisha kwa dolari 12, kazi na kifaa, akaondoka na ile ya zamani. Siku ya nne karatasi tuliyotandika chini ilikuwa imelowa tena mahali palepale. Hapo tulianza kuogopa kwa sababu nyingine: mwenye nyumba ameshika garanti yetu, na ubao uliooza hauwezi kufichwa siku ya kuhama.

Katika parseli yetu anaishi mama mmoja mzee. Marehemu mume wake alikuwa fundi wa maji, naye kwa miaka mingi alimshikia taa alipokuwa anafanya kazi. Alikuja, akachungulia, lakini hakugusa kitu. Aliuliza tu, "Wanangu, panalowa saa ngapi?" Hatukujua. Akasema hapo ndipo tulipopotelea, kwa maana maji ya chini ya evie hayana njia nyingi, na kila njia ina saa yake.

Tuwaeleze alivyotueleza.

Njia ya kwanza ni maji yanayoingia. Kutoka ukutani kuna robine ndogo ya kufungia, na kutoka hapo unapanda mrija laini unaofumwa kwa waya kwa nje, ambao mafundi wetu wanauita fleksibli. Unaingia tumboni mwa robine ya juu. Nyumba yenye maji ya moto ina fleksibli mbili, sisi tuna moja. Ndani ya mrija huu maji yanasukumwa wakati wote ambapo maji yapo kwenye bomba, hata kama robine imefungwa na nyumba nzima imelala. Kwa hiyo kiungo chake kikivuja, kinavuja mchana na usiku, bila mtu kuosha hata kijiko. Na usiku kinavuja zaidi, kwa sababu watu wa kartie wameacha kuchota na msukumo unapanda.

Njia ya pili ni maji yanayotoka, yaani sifoni. Kazi yake ni kubakisha maji kidogo ndani ya tumbo lake ili harufu ya mtaro isipande. Lakini ndani ya sifoni hakuna msukumo. Maji yanapita tu yanapomwagwa kwenye evie. Sifoni inayovuja inalowesha kabati wakati wa kuosha vyombo na muda kidogo baadaye, kisha inanyamaza. Kama ufa uko chini kabisa, kwenye kile kikombe cha chini, tone linaweza kuendelea hadi yale maji yaliyobaki yashuke. Alama nyingine ni maji yenyewe: ukiyapangusa kwa karatasi nyeupe utaona mafuta au weusi, na yananuka. Maji ya fleksibli ni safi kama ya kunywa.

Njia ya tatu ndiyo inayodanganya watu. Ni chini ya robine, pale inaposimama juu ya evie. Chuma cha evie kimetobolewa, shina la robine linapita katika tundu hilo, na kati ya robine na chuma kuna kipete cha mpira kinachozuia maji. Chini, ndani ya kabati, kuna ekru, ile nati kubwa inayoikaza robine isicheze. Kipete kikipasuka au ekru ikilegea, maji yanayorukia nyuma ya robine yanaingia kwenye tundu. Hayaanguki moja kwa moja. Yanashuka polepole juu ya waya wa fleksibli hadi chini, yananing'inia kwenye ekru ya chini, na hapo ndipo yanaacha tone. Mtu akichungulia anaona tone kwenye kiungo cha fleksibli, anaapa kwamba kiungo ndicho kibovu, na anakikaza hadi anakiharibu. Au tone linarukia sifoni iliyo jirani, kama kwetu, na sifoni ndiyo inayohukumiwa.

Ndiyo maana mama mzee alitukataza kuangalia chini kwanza. Alisema tone linaonekana pale linapoanguka, si pale lilipozaliwa, na sehemu inayotafutwa ni ile ya juu kabisa iliyolowa.

Kabla ya kupima, alitutaka tukaushe. Hapo tulitaka kuharakisha akakataa. Tulitoa kila kitu, tukapangusa sifoni, fleksibli, ekru zote na chini ya chuma cha evie kwa kitambaa kikavu, tukaacha milango wazi tangu asubuhi hadi jioni. Ukipima juu ya maji ya jana, kila kiungo kitaonekana kibovu. Kisha tulizungushia karatasi laini ya choo kila kiungo: moja kwenye ekru ya chini ya fleksibli, moja juu inapoingia kwenye robine, moja kwenye kila kiungo cha sifoni. Karatasi hiyo inabadilika rangi kwa unyevu mdogo ambao kidole hakiusikii. Chini tulitandika karton kavu.

Sasa, wamama, hapa kuna jambo ambalo sisi tunaoishi na maji ya kukatikakatika tunalo bure. Kwetu maji yanakuja yapata saa tatu usiku na yanakatika alfajiri. Tunalalamika kila siku, na tuna haki. Lakini kwa kazi hii, maji yakiwepo evie ikiwa haiguswi, ni fleksibli peke yake inayopimwa. Na maji yakikatika, fleksibli haina msukumo, kwa hiyo ukimwaga maji ya bidoni kwenye evie ni sifoni peke yake inayopimwa. Nyumba ambayo maji hayakatiki italazimika kufunga ile robine ndogo ya ukutani ili kupata hali hiyo. Kama haifungi vizuri, watafunga ile ya kwenye kompta.

Usiku wa kwanza tulikataza mtu yeyote kugusa evie. Maji ya nyumba tulichota kwenye robine ya uwanjani. Maji yalikuja, msukumo ukawa mkubwa kama kawaida ya usiku, na tukalala. Alfajiri, kabla maji hayajakatika, tuliingia jikoni na tochi ya simu. Karatasi zote zilikuwa kavu, ya juu na ya chini. Fleksibli ikatoka katika kesi. Kama ile karatasi ya chini ingelowa na ya juu kubaki kavu, tungejua ni kiungo cha chini. Kama ya juu ingelowa, maji yangeshuka na kulowesha ya chini pia, na kosa lingekuwa la juu.

Asubuhi maji yalipokatika tulipima sifoni. Kumwaga kikombe kimoja hakutoshi, kwa sababu sifoni inaweza kuvumilia maji kidogo na ikashindwa maji mengi. Tuliziba evie kwa kizibo chake, tukamwaga lita 10 kutoka kwenye bidoni polepole, tukiangalia maji yasirukie robine, na tukaacha robo saa. Wakati huo unapima kile chuma cha tundu la evie: kama panalowa huku kizibo bado kipo, si sifoni, ni pale tundu linapokutana na evie. Kwetu palikuwa pakavu. Kisha tulivuta kizibo, maji yote yakashuka kwa mara moja. Tulisubiri tena. Karatasi kavu. Sifoni mpya ilikuwa nzima, na tunadhani hata ile ya zamani ilikuwa nzima, lakini fundi aliondoka nayo na dolari 12 zimekwisha kwenda.

Ikabaki robine. Mama mzee alichukua kikombe cha maji, akamwaga nusu yake taratibu kuzunguka mguu wa robine, hasa nyuma ambako hatupangusi vizuri. Mmoja wetu alikuwa amelala chali kichwa ndani ya kabati na tochi. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna. Yapata dakika ya tatu, chini ya chuma cha evie, pembeni mwa shina la robine, pakang'aa. Tone likakua, likagusa fleksibli, likashuka juu ya waya kama mtu anayeshuka ngazi, likafika kwenye ekru ya chini, likaning'inia hapo. Likaanguka kwenye bega la sifoni.

Maji yalikuwa hayapo kwenye bomba lote la kartie, na evie ilikuwa tupu. Hakuna kingine ambacho kingeweza kutoa lile tone.

Kulikuwa bado na swali moja, na tulilazimika kungoja usiku ili kulijibu. Robine ambayo shingo yake inageuka kulia na kushoto ina vipete vidogo ndani, pale shingo inapoingia kwenye mwili wake. Vikilika, maji yanatokea kwenye mzizi wa shingo kila unapofungua robine, yanashuka kwenye mguu wake na kuingia kwenye tundu lilelile. Ndani ya kabati utaona jambo moja, lakini dawa ni tofauti: huyo anahitaji vipete vya shingo. Usiku tulikausha robine, tukaifungua dakika mbili maji yakianguka katikati ya evie bila kurukia, tukapitisha kidole kwenye mzizi wa shingo. Kikavu. Basi maji yetu yalikuwa yale yanayorukia nje.

Mama mzee alishika robine akaitikisa. Ilicheza kama jino la mtoto. Akauliza nani anaivuta. Hapo tulitazamana. Kila usiku maji yanapokuja, sisi wakubwa ndio tunaojaza bidoni za lita 10 kwenye evie, tukiziegemeza juu ya shingo ya robine, kisha tunazinyanyua zikiwa zimejaa na kuisukuma shingo, na maji yanamwagika nyuma yote. Bidoni tano, sita, kila usiku, tangu tulipohamia. Mtoto amekwisha kulala saa hiyo.

Matengenezo yalichukua kama saa moja, na tuliyafanya mchana maji yakiwa yamekatika, baada ya kufunga pia ile robine ndogo, kwa maana maji yanaweza kurudi bila kupiga hodi. Tulifungua fleksibli chini, beseni likiwa tayari kwa maji yaliyobaki ndani yake. Ile ekru kubwa ya robine ilizunguka kwa vidole tu, haikuhitaji hata kle. Tulipoinua robine, kipete cha chini yake kilikuwa kigumu kama plastiki na kimepasuka upande wa nyuma. Tulikipeleka sokoni mkononi ili kununua cha kipimo hichohicho, kwa kuwa macho peke yake yanadanganya, na bei yake haikufika bei ya kipande cha sabuni. Tulisugua chuma cha evie hadi uchafu mweusi ukaisha, maana kipete kipya juu ya uchafu wa zamani hakizuii kitu. Mmoja alishika robine inyooke kwa juu, mwingine akakaza ekru kwa chini hadi robine ikaacha kucheza. Mafundi wengine wanapaka silikoni mahali pa kipete. Inafaa kama mahali ni pakavu kabisa, lakini uisubiri siku nzima kabla ya kuilowesha, na nyumba yenye watoto wengi siku nzima bila evie si jambo dogo.

Kuhusu kurudisha fleksibli, mama mzee alitusimamia kwa karibu, kwa sababu wengi wanaponya robine na kuacha fleksibli inavuja. Ndani ya ekru yake kuna kipete bapa cha mpira, na hicho ndicho kinachozuia maji, si uzi wa ekru. Kwa hiyo kuzungushia tefloni hapo hakusaidii. Tefloni ni ya pale robine ndogo inapoingia ukutani. Tuliangalia kipete kama kiko mahali pake na hakijakatika, tukakaza kwa mkono hadi mwisho, kisha tukaongeza robo ya mzunguko kwa kle, huku kle ya pili ikishikilia robine ndogo isizunguke pamoja. Ukipita hapo unakikamua kipete na kinapasuka. Na kama waya wa nje wa fleksibli umeota kutu au umeanza kukatika nyuzi, usihangaike kukaza, uibadilishe. Hiyo haivuji kidogokidogo, inapasuka, na maji yakija usiku yatakukuta chumbani.

Jioni tulirudia kikombe cha mama mzee, tukasubiri robo saa badala ya dakika tatu. Kavu. Usiku tuliacha karatasi kwenye ekru ya fleksibli hadi asubuhi. Kavu pia.

Ubao wa chini haukurudi katika hali yake. Tripleksi ikivimba haipungui. Tuliacha milango wazi majuma mawili harufu ikaisha, tukamwita mwenye nyumba aone mwenyewe pamoja na kile kipete kilichopasuka, tukakubaliana tununue ubao mpya sisi na garanti isiguswe. Unga sasa unakaa juu ya meza.

Jioni ile ya kikombe tulimwita mtoto wa dada yetu. Tulimwaga maji mbele yake kuzunguka robine, tukamwonyesha kipete cha zamani, tukamweleza juu ya bidoni. Alitazama muda, akauliza, "Kwa hiyo mama mdogo, ni ninyi mliokuwa mnamwaga?" Tukasema ndiyo, ni sisi, na tukamwomba msamaha. Hakusema kitu, alichukua sahani zilizokuwa nje akaziingiza ndani.

Bidoni tunajazia uwanjani. Jumamosi iliyopita tulimkuta amepiga magoti mbele ya kabati, tochi ya simu mkono mmoja na kipande cha karatasi mkono mwingine, anapangusa chini ya chuma cha evie. Alituonyesha karatasi. Ilikuwa nyeupe na kavu.